Taslimu, simu au benki: makato ni ya safari nzima

Anayechagua njia ya kupokea malipo mara nyingi huangalia kitu kimoja tu: nikipokea, nakatwa kiasi gani? Kwa swali hilo pesa taslimu hushinda kila siku, kwani mteja akikukabidhi noti hakatwi mtu. Lakini pesa haikai. Itatoka kumlipa anayekuuzia mali, kulipa pango, kulipa vibarua. Makato yanayofaa kuhesabiwa ni ya safari nzima, kuanzia mfukoni mwa mteja hadi kwa yule unayemlipa wewe.

Tuchukue biashara yenye wateja 40 kwa siku, kila mmoja analipa 5,000. Jumla ni 200,000, kwa sarafu yoyote. Viwango vifuatavyo ni vya mfano, weka vya kwako. Tuseme namba ya malipo ya biashara inamkata mpokeaji asilimia 0.5, na uhamisho wa benki una ada moja ya 300 bila kujali kiasi. Kwa simu, siku nzima inakatwa 1,000. Kwa benki, kila mteja akihamisha peke yake, ni 300 mara 40, yaani 12,000, sawa na asilimia 6 ya mauzo. Sasa geuza: mteja mmoja anachukua mzigo wa 200,000 kwa mkupuo. Simu bado ni 1,000, benki ni 300 tu. Mstari unaotenganisha njia hizi mbili ni 300 gawanya kwa 0.005, yaani 60,000. Malipo ya chini ya hapo yapitie simu, ya juu yapitie benki. Hesabu hii ya mstari mmoja inafanyika popote penye ada ya asilimia upande mmoja na ada isiyobadilika upande wa pili.

Kuna pingamizi la haki hapa: ada ya benki kwa kawaida hulipwa na anayetuma, basi inakuhusu nini? Inakuhusu kwa sababu mteja wa 5,000 hatakubali kulipa 300 juu yake. Ataomba apunguziwe, au atakwenda kwa mwingine.

Wengi hukwepa asilimia ile kwa kupokelea kwenye laini yao binafsi, ambako kupokea mara nyingi ni bure. Ujanja huo una faida pale tu pesa inapobaki ndani ya simu na kulipia vitu kwa simu. Ukienda kwa wakala kutoa, ada ya kutoa inaweza kuzidi ile uliyoikwepa. Isitoshe laini binafsi ina kikomo cha salio na cha miamala ya siku. Kikomo kikifika, malipo ya mteja yanagoma akiwa amesimama mbele yako, na mara nyingi lawama huenda kwa mtandao.

Taslimu nayo ina makato, ila hayaandikwi: nauli ya kwenda benki, muda wa kuhesabu, chenji iliyozidishwa, na noti bandia ambayo benki ikiigundua huichukua bila kukufidia. Hata hivyo ina sifa moja ambayo njia nyingine hazina. Ukishaipokea na kuikagua, malipo yamekwisha. Hakuna anayeweza kupiga simu mahali fulani ikarudishwa.

Kwenye simu urudishaji upo, na ndipo wizi mwingi unapojificha. Mtu anatuma 5,000 za kweli, kisha anapiga simu: nimekosea namba, naomba unirudishie. Wewe unamtumia 5,000 zako. Wakati huohuo ameshaomba kampuni ya simu ibatilishe muamala wake wa kwanza. Kwa mfumo, hiyo ni miamala miwili isiyohusiana, hivyo pesa iliyoingia mara moja inaweza kukutoka mara mbili: uliyotuma kwa hiari na iliyobatilishwa. Kamwe usirudishe kwa kutuma upya. Mwambie aombe ubatilishaji kwa mtoa huduma kwa kutumia namba ya muamala uleule, nawe ukiulizwa ukubali.

Meseji bandia hukamatwa kwa hesabu. Meseji ya kweli ina namba ya muamala na salio jipya, na salio hilo lazima liwe sawa na la awali ukiongeza kilichoingia. Mwizi hajui ulikuwa na kiasi gani, kwa hiyo hubahatisha au huacha sehemu hiyo wazi. Hata hivyo meseji ni taarifa tu, pesa yenyewe iko kwenye akaunti. Kabla mzigo haujatoka, ingia kwenye menyu mwenyewe uangalie salio au orodha ya miamala. Usikubali kuangalia simu ya mteja.

Benki ina toleo lake la tatizo hilo. Picha ya hati ya uhamisho inaonyesha kwamba agizo limetolewa, haionyeshi kwamba pesa imefika. Agizo linaweza kufutwa, kukwama wikendi, au kurudi kwa kukosewa tarakimu moja. Hata ndani ya akaunti yako tofautisha salio la daftari, linalohesabu hata pesa ambayo benki haijaiachia, na salio linaloweza kutumika. Toa mzigo kwa kufuata hilo la pili.

Kwenye kumbukumbu ndiko simu inakosifiwa zaidi, na sifa hiyo ni ya nusu. Ni kweli kila muamala una jina, saa na namba. Lakini tazama kinachotokea mwisho wa siku kwenye mfano wetu. Mtoa huduma anakata 1,000, unahamishia benki zilizobaki kwa ada ya 200, na taarifa ya benki inaonyesha mstari mmoja: 198,800. Wateja 40 wametoweka. Ukiandika 198,800 kama mauzo umeyapunguza kwa 1,200, na ukiwa na wateja wa mkopo, kila aliyelipa 5,000 ataonekana bado anadaiwa 30. Andika mauzo 200,000, makato ya simu 1,000, ada ya kuhamisha 200. Tarakimu zitafungana na benki, na makato utayaona kama gharama. Pakua taarifa ya miamala ya simu kila mwezi, kwa sababu menyu ya simu huonyesha michache ya mwisho tu, na meseji hupotea na simu.

Uhamisho wa benki hukaa salama kwa miaka, lakini jina linalotokea linaweza kuwa la kampuni au ndugu wa mteja usiyemjua. Dawa ni kumpa kila mteja namba ya ankara na kumsihi aiandike kwenye maelezo ya malipo. Asipoiandika, wateja wawili wenye deni la kiasi kilekile hawatatofautika.

Taslimu haina kumbukumbu yoyote isipokuwa unayoitengeneza. Tumia kitabu cha risiti chenye namba zilizochapwa na nakala ya kaboni, na risiti iliyoharibika ibaki kitabuni imechorwa mstari. Jioni chukua chenji ya kuanzia, ongeza jumla ya risiti za taslimu, toa kilicholipwa kutoka kwenye droo. Hicho ndicho kinachopaswa kuwemo. Pungufu ndogo zinazopanda na kushuka ni makosa ya chenji. Pungufu inayorudi zamu ileile, kwa kiasi kinachokaribiana, si chenji.