Kilomita nne kwa saa

Kalamu ilikuwa yangu, daftari langu, na kiherehere changu pia. Mjomba alikuwa na ng'ombe 23 wa kupeleka mnadani Meserani. Kutoka kwetu Mto wa Mbu, kwa barabara ya Makuyuni, ni kama kilomita 90. Nauli ya fuso ilikuwa imepanda, nami nikajitolea kuwaswaga kwa miguu. Ndiyo kwanza nimemaliza stashahada ya uhasibu, kwa hiyo kila kitu nilikiona kama hesabu inayongoja kufungwa.

Nikamsomea mjomba: "Ng'ombe anatembea kilomita 4 kwa saa. Kwa siku tunatembea saa 9, hiyo ni kilomita 36. Siku ya kwanza 36, ya pili 36, ya tatu zinabaki 18, saa sita mchana tumeshafika. Kesho yake mnada. Tunatoka siku tatu kabla."

Mjomba aliendelea kuchonga mpini wa jembe. "Na kula watakula saa ngapi?"

"Wakitembea, mjomba. Majani si yako njiani?"

"Na kucheua?"

Hapo nikakohoa.

Yeye alikuwa na hesabu yake ya kichwani. Wanatoka alfajiri, wanatembea mpaka jua likali, wanapumzishwa, wanatembea tena jioni, na katikati wanaachiwa walishe. Kilomita 15 kwa siku, kwa siku sita. Siku ya saba wanashinda Meserani wakinywa maji na kujaza matumbo, maana mnunuzi hununua anachokiona, na ng'ombe aliyefika leo na mbavu nje hauzi hata mkia. Tutoke siku saba kabla. Nikaona mzee anataka kunilisha vumbi wiki nzima bure.

Kisha akaniambia nimwache Bibi Harusi, ng'ombe mweupe ambaye ndama wake alikuwa bado ananyonya. Nikajibu kwamba ndiye mnene kuliko wote na ndiye atakayeleta pesa. Mjomba akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Sawa, mhasibu. Nenda naye."

Ningekuwa na akili, ile "sawa" ingenitosha.

Siku ya kwanza tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi na kijana mmoja wa Kimaasai aliyeajiriwa kutusindikiza. Mbele alitangulia Diwani, maksai mzee mwenye kengele, ambaye wenzake humfuata bila kuuliza. Mpaka saa tatu tulikuwa tunakwenda vizuri, nami nikamwonyesha kijana daftari. Hakuliangalia. Saa tano na nusu Diwani aliona kivuli cha mgunga, akapiga magoti ya mbele, akalala, akaanza kutafuna akiwa amefumba macho nusu. Ndani ya dakika kumi wote 23 walikuwa wamelala. Nikapiga kelele, nikapiga fimbo chini, nikamvuta Diwani mkia. Akageuza kichwa taratibu, akaniangalia, akaendelea na kikao chake.

"Anatafuna chakula cha asubuhi," kijana akaniambia. "Ukimnyima leo, kesho huna ng'ombe, una gogo."

Tukanyanyuka saa tisa na nusu. Usiku ulipoingia simu yangu ilinionyesha kilomita 14.

Siku ya pili nilitaka kufidia deni. Nikawakaza mpaka mtamba mmoja akaanza kuchechemea, na matumbo yao upande wa kushoto, nyuma ya mbavu, yakawa yamebonyea kama mto uliokaliwa. Kijana akanionyesha lile bonde kwa kidole: hapo ndipo unaposoma kama ng'ombe ameshiba, wala huhitaji daftari. Pamoja na makeke yangu yote tulipata kilomita 18. Jumla 32, wakati mimi niliandika 72.

Bibi Harusi kutwa nzima alitembea nyuma. Kila tukisimama anageukia tulikotoka, analia, chuchu zimejaa maziwa zimekaza. Nilidhani ana tabia mbaya.

Usiku huo tuliomba kulaza ng'ombe kwenye boma moja kando ya njia. Tukawahesabu saa moja jioni wakiingia, 23. Mlango wa zizi nikajitolea kuufunga mimi, kwa tawi moja la miiba. Alfajiri nikahesabu 22. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, labda nilikosea. Nikapata 22, na tawi langu limelala pembeni kwa adabu.

Sasa sehemu ile ni ukanda wa Ranchi ya Manyara, wanyamapori wanapita, na simba wamo. Tulitafuta mpaka adhuhuri. Kila nikiona tai angani, tumbo linaunguruma. Mjomba akapiga simu.

"Wote wazima?"

"Wazima kabisa, mjomba."

"Wote ishirini na watatu?"

"Wote."

Akanyamaza kidogo, akasema "Haya," akakata.

Mchana ule tulijikokota hadi karibu na Makuyuni kutafuta maji. Hapo nikajifunza kitu kingine ambacho hakikuwamo daftarini. Birika la kunyweshea lilikuwa na nafasi ya vichwa sita. Ng'ombe wenye kiu hawapigi foleni, na ukiwaachia wote kwa pamoja wenye pembe kubwa wanakunywa na wadogo wanapigwa mbavu. Ikabidi tuwapeleke kwa makundi, na kila kundi linywe, lipumue, lirudi kunywa tena. Saa mbili ziliishia pale, mimi nikiangalia saa, wao wakiangalia maji.

Siku ya nne, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya mnada, magari ya mifugo yalitupita moja baada ya jingine yakielekea Meserani. Ng'ombe wa wenzetu walituchungulia kutoka juu kama abiria wa basi la daraja la kwanza. Mnunuzi niliyeahidiana naye akapiga simu, uko wapi? Nikamwambia nakaribia. Zilikuwa zimebaki kilomita 50.

Tuliingia Meserani siku ya sita jioni. Ilikuwa mavi makavu, vumbi na mbwa wawili. Mnada mwingine ulikuwa siku tano mbele, ikawa ni kununua majani na maji, na kulala juu ya mfuko wa shuka nikihesabu hasara. Kwa hasara, uhasibu ulinisaidia sana.

Siku moja kabla ya mnada mjomba akashuka kwenye basi, kavaa koti lake la kanisani. Nikamwamkia, nikaanza hotuba niliyoiandaa kwa siku nane, kuhusu simba. Akanyoosha mkono.

"Bibi Harusi yuko nyumbani."

Mdomo wangu ukabaki wazi.

"Alinigongea zizi kwa pembe saa tisa usiku. Ndama alikuwa ananyonya kabla sijawasha tochi. Nikampigia yule kijana, akasema mara ya mwisho mlimwona saa moja jioni, kilomita 32." Kumbe kijana alijua, na siku zote zile alikuwa ananisikiliza nikisali. Mjomba akatoa kipande cha karatasi mfukoni. Alikuwa amekipigia hesabu kwa kalamu ya risasi, mistari miwili imenyooka. "Saa nane kwa kilomita 32. Nne kwa saa, mhasibu. Hukukosea hata nukta."

Akakikunja, akanipa niweke kwenye daftari.

"Ila uliwageuzia upande mbaya."