Anzeni na kivuli cha pua

Kila nikifungua YouTube nakutana na kijipicha kilekile: uso umeachama kwa mshangao, nyuma yake mandhari ya akili mnemba inayowaka kama sherehe, na uso wenyewe unaonekana umebandikwa kwa gundi. Wengi hulaumu jinsi uso ulivyokatwa kutoka picha yake ya asili. Mimi nasema kosa ni mwanga, na linaanza pale mtu anapotengeneza mandharinyuma kabla ya kuusoma uso.

Chukua mpishi aliyepigwa picha karibu na dirisha lililo kushoto mwa picha. Kivuli cha pua kimeangukia kulia, na machoni kuna nukta nyeupe upande wa kushoto. Hapo picha imeshakuamulia kila kitu. Ukiiomba akili mnemba tu "soko la usiku Forodhani", utaletewa karabai upande wa kulia, na jicho la mtazamaji litakataa hata kama yeye hajui kwa nini. Omba hivi: soko la usiku, taa moja kubwa ya rangi ya chungwa kushoto, juu kidogo ya usawa wa macho, vibanda vya nyuma vimefifia, theluthi ya kulia iwe wazi, bila watu wala maandishi. Taa ikija upande usiotakiwa, geuza mandharinyuma kama kwenye kioo. Uso usiugeuze, maana watu wanaujua.

Inabaki rangi. Mwanga wa dirisha una ubuluu, wa taa una uchungwa. Kwenye programu ya kuhariri picha, juu ya uso weka tabaka la rangi ya chungwa lililobanwa ndani ya umbo la uso, hali yake ya kuchanganyika iwe `Soft Light`, nguvu asilimia 20 hivi, kisha lifute upande wenye kivuli. Mstari mweupe kuzunguka nywele ni mabaki ya ukuta wa zamani; punguza ukingo pikseli moja au mbili, basi. Ukizidisha, nywele za kipilipili zitageuka kofia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna zana zinazopokea uso na kuuchanganya na mandhari zenyewe, mwanga ukiwemo. Lakini linganisheni na picha ya asili: meno yamepangwa upya, mikunjo ya paji imepotea, ngozi imeng'arishwa. Mshangao uliokuwa wa mtu umekuwa wa sanamu. Msikubali ngozi ya mtu ibadilishwe ili taa ya kubuni ipendeze! Bakini na uso wa kamera, mbadilishe kilicho nyuma yake.

Kazi ifanyike kwa pikseli 1280 kwa 720, kisha, kwa kuijaribu tu, punguza nakala yake hadi upana wa pikseli 168 na uifanye ya kijivu. Uso ukizama kwenye mandhari, fifisha mandhari kwanza kabla ya kukoleza uso. Na kona ya chini kulia iache tupu, kwa sababu muda wa video hukaa hapo.