Meseji ya Saa Sita Usiku na Samahani ya Mistari Minne

Sikiliza, mi ni karani wa stoo hapa Dar, kazi yangu kupokea mzigo na kutoa mzigo, na juzi kati nimemtumia meneja wangu meseji ambayo hata mi mwenyewe nilivoamka asubuhi sikuielewa. Ilikuwa saa 5 na dakika 52 usiku, lori la sabuni kutoka Morogoro liliingia limechelewa, tumeshusha na vijana mpaka mgongo unauma, delivari noti inasema katoni 380, tumehesabu mara mbili tunapata 366. Nikafika home, nikajilaza kitandani na simu usoni, nikaandika nikiwa jicho moja limeshafunga.

Nilitaka kumwambia hivi: "Madam, lori limefika, katoni 14 hazipo, kesho tusimlipe dereva balansi mpaka tuhesabu tena, nikimaliza kazi nitakupigia." Kilichoenda ni hiki:

"Madm loti limefk katni 14 hazpo kesho tumlipe dreva balnsi mpka tuesbu tena nikmaliza nazi ntakupgia"

Nazi! Kiibodi yangu ilikuwa ya Kiingereza na inajifanya inajua kuliko mimi, kazi ikageuzwa nazi, na mi sijawahi kuuza nazi maishani mwangu. Lakini wacha nazi, nazi inachekesha tu. Angalia pale kwenye dereva. Nilitaka "tusimlipe", imeenda "tumlipe". Herufi mbili tu zimedondoka na maana imepinduka kichwa chini miguu juu.

Hili ndo watu wengi hawalifikirii wanapoomba msamaha wa meseji mbovu. Kiswahili chetu hapo kukataa kunajificha katikati ya neno, kale ka "si" kamebanwa ndani ya kitenzi, tuje na tusije, atoke na asitoke, ulipe na usilipe. Usingizi ukila herufi mbili, neno linalobaki halionekani kabisa kama limekosewa, ni neno zima zuri tu, ila linasema kinyume. "Loti" na "dreva" kila mtu anajua ni makosa, atakisia. "Tumlipe" hakisii mtu, atalipa.

Kwa hiyo mimi maoni yangu ni kwamba meseji ya samahani kwa bosi kazi yake ya kwanza kabisa ni kunyoosha ile habari, huko kusamehewa kutakuja kwenyewe. Na wengi tunafanya kinyume, tunaandika samahani ndeefu, mtu anasoma mpaka mwisho na bado hajui amlipe dereva au asimlipe.

Yangu ya kwanza niliyoandika saa 11 alfajiri baada ya kuona tiki mbili za bluu (moyo ulifanya paa) ilikuwa hivyohivyo. Nilianza na samahani sana sana Madam, nikaingia kwenye foleni ya Kibaha, nikaja kwa mtoto anayekohoa, umeme umekatika, nikamalizia na "naomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza", ile sentensi ya matangazo ya maji kukatika. Nikaisoma kabla sijaituma nikaona huyu anayeandika anajitetea, haombi samahani. Na ukimpa bosi matatizo yako yote asubuhi na mapema unamlazimisha akupe pole, wakati aliyeamshwa usiku ni yeye.

Nikataka pia kuifuta ile ya usiku. Nikajizuia, na nashukuru. Wasapu ukifuta inabaki ile alama kwamba ujumbe umefutwa, sasa bosi aliyekwisha isoma anabaki anajiuliza huyu anaficha nini, na asiyeisoma anaanza kuwaza makubwa zaidi. Kurekebisha nako kuna dakika 15 tu tangu utume, ukiwahi ni sawa, na ningekuwa macho ningeirekebisha palepale kwa sababu ishu yenyewe ilikuwa ya hela, ila mi dakika ya pili nilikuwa nakoroma.

Nilichofanya, nikaivuta ileile meseji mbovu ili jibu langu likae chini yake, asianze kutafuta nazungumzia ipi, nikasubiri saa 1 asubuhi (usimwamshe mtu mara ya pili kumwomba radhi kwa kumwamsha mara ya kwanza, ila kama hela ingekuwa inatoka alfajiri ningepiga simu kabisa), nikaandika:

"Shikamoo Madam. Samahani kwa meseji ya jana usiku, niliandika nina usingizi ikatoka vibaya. Nilimaanisha dereva wa Morogoro TUSIMLIPE balansi kwanza, zimepungua katoni 14, narudia kuhesabu leo saa 2 asubuhi na majibu nitakupa kabla ya saa 4. Haikuwa ya kukusumbua usiku ule, nyingine kama hizi nitasubiri kukuche."

Basi. Samahani moja, sababu moja ya maneno machache, neno lililopinduka nimeliweka kwa herufi kubwa, na saa nimeandika "asubuhi" kabisa kwa sababu ofisini kuna mhasibu anayesoma saa kwa Kizungu, ukimwambia saa 2 peke yake anaelewa mchana baada ya lanchi.

Kuhusu neno lenyewe, mi nachagua "samahani" kwa kosa la size hii. "Naomba radhi" ni nzito kidogo, hiyo ningeiweka kama ile meseji ingemvunjia heshima au hela ingekuwa imeshatoka. "Nisamehe" kwa bosi naionaga ya mtu aliyeiba. Na "pole" peke yake hapana, najua majirani zetu Kenya wanaitumia kuomba msamaha na inaeleweka vizuri tu, ila huku kwetu ukimwambia bosi pole ni kama vile tatizo limempata yeye na wewe umekuja kumliwaza. Shikamoo niliiweka kwa sababu Madam ni mkubwa kwangu kiumri na siku zote namwamkia hivyo, kama meneja wako ni kijana mwenzio mwandikie "habari za asubuhi", usimzeeshe kwa ajili ya woga.

Zile herufi kubwa kuna rafiki yangu alinikosoa, kwamba ni kama nampigia bosi kelele. Labda. Ila neno moja tu, na lilikuwa ndo neno lenye hela, ningeliacha dogo angelisoma harakaharaka akaona yaleyale ya jana.

Akajibu baada ya dakika kama sita hivi: "Sawa, nilikuwa nishamwambia mhasibu aandae malipo, namsimamisha. Lala mapema." Sikujibu kwa samahani nyingine, nikaandika "Sawa Madam" nikapanda daladala. Kwenye daladala ndo nikaingia mipangilio ya kiibodi nikaongeza Kiswahili na kuzima ile ya kujirekebishia maneno yenyewe.

Saa 3 na nusu tulikuwa tumemaliza kuhesabu, katoni 9 zilikuwa zimepangwa kimakosa nyuma ya mzigo wa mteja mwingine, 5 kweli hazikuwepo, dereva akakatwa hizo 5 na akakubali bila maneno mengi. Madam akashuka stoo kuangalia, akanisainia karatasi, akafika mlangoni akageuka.

"Na nazi zangu je?"

Mpaka leo vijana wa kushusha wananiita Mzee wa Nazi.