“Nshafika Raskazone, we bado?”: kosa au sarufi ya mdomoni?

“Nilimtumia rafiki yangu ujumbe huu, dada yangu mwalimu akasema si Kiswahili. Tanga nzima tunasema hivyo. Nani yuko sahihi?”

Hoja ya mwalimu ina uzito. Kwenye mtihani au barua ya kazi tunatarajia “Nimeshafika Raskazone, je, wewe bado hujafika?” Usanifu uliojengwa juu ya Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, ndio unaomwezesha msomaji wa Kigoma kumwelewa wa Pangani bila kukwama. Mwalimu akiacha kuulinda, wanafunzi wake ndio watakaopoteza alama.

Lakini kutokuwa sanifu si sawa na kutokuwa na sarufi. Mimi huuliza kwanza kama umbo lina kanuni, na kama kuna umbo jirani ambalo wazungumzaji wenyewe wangelikataa.

Tuanze na “nshafika”. Hiyo “nimeshafika” ya mwalimu nayo ni mkato: ilianza kama “nimekwisha kufika”, kitenzi “kwisha” kikachakaa hadi kikabaki “-sha-”. Pwani tumekwenda hatua moja mbele tukadondosha “-me-”, ndipo tunasema ushafika, ashafika, washafika, kwa nafsi zote. “Ni-” nayo imepoteza irabu yake, kama katika “ntakuja”. Mkato huu una mipaka. Hakuna anayesema “sishafika”. Ukikanusha lazima useme “sijafika”. Wala huwezi kujibu “Nsha” ukaishia hapo, kwa sababu kiambishi hicho kinahitaji kitenzi cha kukibeba. Mtu anayekosea ovyo hana mipaka ya namna hii.

“We bado?” ndiyo sehemu iliyonivutia zaidi, maana haina kitenzi kabisa. Mwalimu angeweza kudai kwamba msomaji anabaki anakisia. Hakisii. Baada ya “-sha-”, “bado” hudai ukanushi wa kitenzi kilekile: hujafika. Sasa sikiliza hii: “Mie sifanyi kazi bandarini tena, we bado?” Hapa maana imegeuka, ni bado unafanya. Neno ni lilelile, ila sentensi iliyotangulia ndiyo inayoamua, na kwa kawaida “bado” huelekea upande ulio kinyume nayo. Hiyo ni kanuni, hata kama hakuna aliyetufundisha darasani.

Kanuni hiyo ina ukomo wake. Kama ulitaka kujua iwapo rafiki yako ametoka nyumbani, “we bado?” haitoshi, kwani kitenzi kilichotajwa ni kufika. Hapo ungelazimika kuandika “we hujatoka?”

Tusichanganye pia tahajia na sarufi. Anayeandika “xaxa” badala ya “sasa” amebadili herufi tu, na akisoma kwa sauti hakuna kilichobadilika. “Nshafika” hutamkwa hivyohivyo ilivyoandikwa.

Kwa hiyo ujumbe wako, kama mazungumzo ya marafiki, nauhesabu kuwa sahihi kisarufi. Dada yako yuko sahihi kuukataa kwenye insha, ila aseme si Kiswahili sanifu.