Ndizi si yai, na maji ya dengu si muujiza

Ukiuliza popote namna ya kupika keki bila yai, jibu la kwanza litakuwa: "Weka ndizi." La pili: "Mbegu za kitani." Siku hizi na la tatu limeshafika, maji ya dengu, yale yanayobaki zikishachemshwa. Yote matatu hutolewa kwa urahisi uleule, kama vile yai ni kitu kimoja na mtu anachagua tu cha kulijazia nafasi. Mimi huoka keki za oda Dar es Salaam, na wateja wasiotaka yai wamekuwa wengi: watoto wenye mzio, Wasabato walioacha vyakula vya wanyama, vijana waliorudi masomoni wakiwa hawagusi hata asali. Maoni yangu ni kwamba ushauri wa ndizi ndio unaoharibu keki nyingi zaidi, na maji ya dengu hupewa kazi ambayo hayawezi.

Yai kubwa bila ganda lina kama gramu 50, na robo tatu ya uzito huo ni maji. Kinachobaki, protini na mafuta ya kiini, ndicho chenye kazi. Likipigwa, protini hushika hewa na kutoa povu. Likipata moto huganda na kusimamisha keki, kama unavyoliona likiganda kwenye kikaango. Kiini nacho huunganisha mafuta na maji visitengane. Hakuna kibadala hata kimoja kati ya vile vitatu kinachofanya yote. Kwa hiyo mimi husoma kwanza mapishi, nitazame yai limewekwa humo kwa kazi ipi.

Tuanze na ndizi. Wanasema robo kikombe ya ndizi iliyopondwa ni sawa na yai moja. Kwa unyevu, sawa. Lakini ndizi haishiki hewa na haigandi kama yai. Inachotia ni maji, sukari na uzito. Ukibadilisha mayai mawili kwa nusu kikombe ya ndizi kwenye keki ya vanila, utapata keki ya ndizi, nzito, yenye mstari mbichi chini unaonata kama ugali ambao haujaiva. Juu itakuwa imeshakuwa hudhurungi mapema kwa sababu ya sukari ya ndizi, nawe utadhani imeiva. Ndizi iliyoiva hadi ganda likawa na madoa meusi ni nzuri kwenye keki ya ndizi, na hapo hata yai lenyewe hulihitaji sana. Punguza sukari kidogo, ongeza beking pauda kidogo, basi. Ndizi za kisukari ni tamu kuliko ndizi kubwa za dukani, kwa hiyo pima baada ya kuponda, usihesabu idadi ya ndizi.

Mbegu za kitani hazina mbwembwe, ila ndizo ninazozitegemea. Ganda la mbegu lina ute ambao ukikutana na maji huvimba na kuwa kama uji wa kuvutika. Kijiko kimoja cha chakula cha mbegu zilizosagwa, vijiko vitatu vya maji, koroga, acha dakika kumi. Ukiinua kijiko na ute ukaning'inia badala ya kudondoka kama maji, uko tayari. Kama bado ni maji, mara nyingi mbegu hazikusagwa vizuri. Mbegu nzima haitoi kitu cha maana kwa muda huo. Saga kidogo kidogo kwenye mashine ya viungo na uhifadhi kwenye friji, kwa sababu mafuta ya kitani huchacha haraka, na unga uliochacha una harufu ya rangi ya mafuta ya kupaka mbao. Ukiusikia, tupa.

Ute huo hushikamanisha unga na kuweka unyevu, lakini hauinui keki. Hapa ndipo watu hukwama. Wanaweka kitani mahali pa yai, wanaacha vingine vyote vilevile, kisha wanalalamika kwamba keki imekaa chini. Hewa iliyokuwa inatoka kwenye yai lazima itoke kwingine.

Nitoe mfano wa keki ndogo za vikombe, kumi na mbili hivi, ambazo kwa kawaida ni unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 150, mafuta ya kupikia mililita 100, maziwa mililita 150, mayai mawili na vijiko viwili vya chai vya beking pauda. Toa mayai, weka vijiko viwili vya chakula vya kitani kilichosagwa kwa vijiko sita vya maji. Toa maziwa, weka tui jepesi la nazi kiasi kilekile, kama mteja hali maziwa. Kisha toa kijiko kimoja cha beking pauda, mahali pake weka nusu kijiko cha chai cha bikaboneti, ile magadi soda ya dukani, na kijiko kimoja cha chai cha siki. Siki na bikaboneti vikikutana hutoa gesi palepale, na hiyo ndiyo inayoinua keki. Si ujanja mpya: keki za siki na bikaboneti zisizo na yai zilipikwa sana Marekani enzi ya Vita vya Pili vya Dunia, mayai yalipokuwa adimu.

Changanya vikavu peke yake, vya maji peke yake, siki iwe ya mwisho. Ukishaunganisha, usipige sana. Acha hata vijidonge vidogo vya unga. Mimina kwenye vikombe na uingize oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 180, maana gesi haikusubiri ujibu simu. Dakika 20 hadi 22. Kijiti kinaweza kutoka kikavu huku ndani kukiwa bado na utelezi, kwa hiyo bonyeza juu kwa kidole: ikirudi, imeiva. Kisha iache ipoe kabisa kabla ya kuihukumu. Keki ya kitani ikiliwa ya moto huonekana mbichi hata kama imeiva, kwa sababu hujishika inapopoa. Utaona madoa madogo ya hudhurungi ndani. Anayeyachukia atafute mbegu za rangi ya dhahabu.

Sasa maji ya dengu. Nasema dengu zile zinazolimwa Mwanza na Shinyanga, au zile kubwa nyeupe za kopo. Msomaji wa Kenya asije akachemsha ndengu za kijani. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji yaliyochemshiwa jamii ya kunde hupigika yakatoa povu kama ute wa yai. Mwaka uliofuata Mmarekani Goose Wohlt akapata povu imara kwa maji ya dengu na sukari tu, bila kitu kingine. Jambo la ajabu kweli, na mimi hulipenda. Protini zilizotoka kwenye dengu, pamoja na saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni, hushika hewa, wanga unayapa maji uzito.

Maji ya kopo yako tayari kama hayana chumvi nyingi. Kwa dengu kavu, loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, weka mapya yaliyozidi dengu kwa vidole viwili, chemsha bila chumvi wala magadi. Zikiiva, ziache zipoe ndani ya maji yake kwenye friji hadi kesho yake. Chuja, kisha chemsha maji hayo yapungue hadi yateleze kati ya vidole kama ute wa yai. Ukipiga maji mepesi utapata povu la sabuni ambalo halitasimama. Dengu zetu ndogo za ganda la kahawia hutoa maji ya rangi iliyokolea, kwa hiyo kwa povu jeupe kabisa mimi hutumia zile nyeupe.

Kwa meringi, zile biskuti nyepesi za povu na sukari, pima nusu kikombe cha maji hayo, tia matone ya limau, piga kwa mashine. Huchukua muda mrefu kuliko ute wa yai, wakati mwingine dakika kumi, na bakuli lisiwe na hata tone la mafuta. Likianza kusimama, ongeza sukari kijiko kwa kijiko, jumla gramu 150, hadi sukari isisikike ukilisugua kati ya vidole. Mwaga madonge kwenye karatasi, oka kwa nyuzi 100 kwa saa moja na nusu, ziache zikauke ndani ya oveni iliyozimwa. Zitakuwa nyeupe, kavu, na hakuna atakayesikia ladha ya dengu. Fungia kwenye chombo kisichopitisha hewa mara tu zinapopoa, maana kwa unyevu wa Dar au Mombasa zikikaa mezani mchana mmoja hunata.

Hapo ndipo maji ya dengu yanapong'ara. Lakini povu hilo haligandi kwa moto kama la yai. Ukililegeza kwa mafuta, au ukalitaka libebe keki nzima peke yake, litashuka ndani ya oveni. Na kuyamimina maji hayo kwenye keki bila kuyapiga, kama wengi wanavyofanya, ni kutia maji tu yenye wanga kidogo.

Kuna jambo linalonikera zaidi ya povu kushuka: kuwachanganya mwenye mzio na asiyekula vitu vya wanyama. Asiyekula vitu vya wanyama hataki siagi wala maziwa. Mtoto mwenye mzio wa yai anaweza kula siagi vizuri kabisa, lakini kipigio kilichogusa yai asubuhi na hakikuoshwa sawasawa kinaweza kumdhuru. Keki zisizo na yai za maduka ya Wahindi, zinazotengenezwa kwa mtindi au maziwa mazito, humfaa mtoto huyo kama vyombo vimetengwa, lakini haziwafai wale wengine. Muulize mteja ni kipi kati ya hivyo viwili. Na kama ni mzio, uliza na dengu pia, kwa kuwa wapo wenye mzio wa jamii ya kunde. Usijaribu pia ile hoja ya "yai likiokwa sana halina shida". Baadhi ya watoto huvumilia yai lililookwa, lakini hilo hupimwa hospitali, mbele ya daktari, si kwenye sherehe ya kuzaliwa.

Mwisho, idadi. Mapishi yenye yai moja au mawili nayabadilisha bila wasiwasi. Yakifika matatu, huanza kutafuta mapishi mengine. Mkate wa mayai wa pwani, ambao ni mayai, sukari, unga na iliki tu, sijaribu hata kidogo. Pale yai ndilo mkate wenyewe. Anayeutaka bila yai humpikia mkate wa kumimina, mchele na tui na hamira. Akiununua kwingine, aulize kwanza, maana wapo wanaotia ute wa yai ili uumuke vizuri.