Ukuta Unaokubali Kusogea

Kila picha ya Machu Picchu, mji wa kale uliojengwa na Wainka milimani huko Peru, inapopita mtandaoni, maneno ya kwanza chini yake ni yaleyale: mawe yamebanana hata wembe haupiti. Nimefanya uashi wa mawe hapa Mwanza kwa miaka 15, na kauli hiyo hunikera, kwa sababu inasifu jambo dogo na kuliacha kubwa. Kubanana peke yake hakuokoi ukuta siku ya tetemeko. Kilichoziokoa kuta za Wainka ni kwamba mawe yake yanaweza kusogea, halafu yakarudi mahali pake.

Nianze na Cusco, uliokuwa mji mkuu wa Wainka, maana huko ushahidi umesimama mtaani. Wahispania walipouteka mji huo, walijenga kanisa na nyumba ya watawa ya Santo Domingo juu ya Coricancha, hekalu kuu la Wainka la kuabudia jua. Chini kukabaki mawe ya Wainka yasiyo na saruji wala chokaa, juu kukaja uashi wa kikoloni uliounganishwa kwa chokaa. Tetemeko la tarehe 31 Machi 1650 liliuharibu mji vibaya. Lile la tarehe 21 Mei 1950 likaubomoa tena, na Santo Domingo ikaumia sana. Ukuta wa Wainka wenye mviringo, ulioko chini ya kanisa lenyewe, ulibaki umesimama. Palipobomoka uashi wa juu, kuta nyingine za Wainka zilizokuwa zimefunikwa kwa karne nyingi zikaonekana. Ardhi ni ileile, mtikisiko ni uleule, na aina mbili za ujenzi zimepandana. Mtu akitaka kuzilinganisha, hatapata mahali pazuri kuliko hapo.

Kwa nini mmoja uanguke na mwingine ubaki? Tetemeko linapokuja, ardhi huenda pembeni ghafla na kurudi, mara kadhaa kwa sekunde chache. Msingi unafuata ardhi, lakini uzito wa ukuta unataka kubaki ulipokuwa. Kama mawe yameunganishwa kwa chokaa au saruji, ukuta unapokea mvutano huo kama kipande kimoja kigumu, mpaka kiungo dhaifu kuliko vyote kikatike. Ufa ukishaanza hupanda kwa ngazi kupitia kwenye viungo, kozi baada ya kozi, yaani safu moja ya mawe baada ya nyingine. Vipande vya chokaa vilivyokatika huanguka ndani ya ufa, jiwe likitaka kurudi linakuta nafasi yake imejaa, na kila mtikisiko unaofuata unalisukuma mbele zaidi.

Niliona jambo la jinsi hiyo Bukoba, wiki chache baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9. Nilisimama mbele ya nyumba ambayo ukuta wake wa juu, ile pembetatu chini ya bati, ulikuwa umelala wote uani. Niliokota tofali moja, kisha jingine. Yalikuwa mazima, hayakuvunjika hata pembe, na upande mmoja ulikuwa safi kabisa kama yametoka tanuruni leo. Udongo uliokuwa ukiyashika ulikuwa umebanduka kama ganda. Nyumba ile iliangushwa na viungo vyake. Matofali hayakuwa na kosa.

Ukuta wa Wainka hauna kiungo cha kukatika. Jiwe linakaa juu ya jiwe kwa uzito wake na kwa msuguano tu. Granaiti kavu juu ya granaiti inahitaji kusukumwa pembeni kwa nguvu ya karibu asilimia 60 ya uzito wake ndipo iteleze, kwa hiyo mitikisiko midogo inapita bila jiwe kuhama. Ukija mtikisiko mkubwa, mawe yanateleza au kuinuka kidogo, yanasuguana, na msuguano huo unakula nguvu ya tetemeko, namna breki inavyokula mwendo wa gari. Mtikisiko ukiisha, kila jiwe linatulia. Tena kwa kuwa mawe yana maumbo tofauti na pembe nyingi, hakuna mstari ulionyooka ambao ufa ungeupita toka chini hadi juu.

Lakini hatari kubwa ya ukuta si kuteleza. Ni kupinduka. Chukua ukuta wa kimo cha mita 3 na unene wa mita 0.9. Gawa unene kwa kimo, unapata 0.3. Maana yake, ukuta huo utaanza kuinua kisigino ardhi ikiusukuma kwa asilimia 30 tu ya uzito wake, nusu ya kinachohitajika kuutelezesha. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wale mafundi. Kuta zao hazikusimama wima kwa timazi. Nyuso zake zimelala kuelekea ndani kwa nyuzi chache, aghalabu kati ya 3 na 5, chini pana na juu pembamba, na mara nyingi mawe makubwa yako chini huku madogo yakiwa juu. Uzito mwingi unakaa karibu na ardhi, na kila upande una mahali pa kuegemea. Milango, madirisha na vishubaka vyao vimefuata mtindo huohuo, chini vipana na juu vyembamba, hivyo linta inakuwa fupi na miimo inaelekeana. Na kuanza kuinuka si kuanguka. Ardhi inageuza mwelekeo kabla uzito haujavuka ukingo, na ukuta mnene unarudi chini ya uzito wake wenyewe.

Sasa nirudi kwenye kubanana, maana ndiko kunakohadithiwa mambo ya ajabu. Msanifu Jean-Pierre Protzen alikwenda Peru akazisoma kuta hizo na machimbo yake, kisha akajaribu mwenyewe kuchonga kwa nyundo za mawe ya mtoni. Kipande kidogo cha andesaiti, jiwe gumu la volkano, alikichonga pande tatu kwa takriban dakika 90. Baada ya kusoma kazi yake, nami nilijaribu hapa nyumbani kwa vipande viwili vya granaiti ya Mwanza na jiwe la mviringo la kama kilo 4.

Hupigi kwa nguvu za mikono. Unaliachia jiwe lianguke kwa uzito wake, na mwishoni unakizungusha kidogo kifundo cha mkono ili lipige kwa mshazari. Uso wa granaiti unatoa unga mweupe na kubaki na vidoa vidogo, kama ganda la chungwa. Ukikaribia ukingo unabadilisha nyundo, unachukua jiwe la chini ya kilo moja na kupiga kutoka ukingoni kuelekea nje, la sivyo ukingo unamenyeka. Kwenye kuta za Wainka utaona hivyohivyo: vidoa vikubwa katikati ya jiwe na vidogo karibu na kiungo. Alama hizo zinasema wazi ni kifaa gani kilitumika, wala hazihitaji wageni kutoka sayari nyingine.

Kisha ukaja wakati wa kulikalisha jiwe moja juu ya jingine. Niliweka la juu juu ya la chini nikaliinua. Pale yalipogusana, unga ulikuwa umeshindiliwa, unang'aa kidogo. Pasipogusana, unga ulikuwa umelala kama ulivyoanguka. Unapiga paliposhindiliwa, unaweka tena, unainua tena. Mpaka jioni nilikuwa nimepata kiungo cha urefu wa kiganja kinachoshika karatasi. Protzen alionyesha kwamba aghalabu jiwe la chini ndilo lililochongwa kulipokea la juu, yaani uso wa juu wa kozi unakuwa na bonde dogo ambamo jiwe linalofuata linakaa kama yai kwenye kiota. Kwangu mimi bonde hilo ndilo siri yenyewe. Jiwe likitikiswa linapanda kidogo ukingoni mwa bonde, na uzito wake unalirudisha katikati. Kiungo kilichobana kina kazi nyingine pia: uzito unatua kwenye uso mzima badala ya ncha mbili tatu ambazo zingepasuka.

Hata hivyo tusiseme uongo. Sehemu kubwa ya majengo ya Machu Picchu si ya namna hii. Mawe yaliyochongwa kwa ustadi huo yaliwekwa kwenye mahekalu na nyumba za wakubwa, na mengine mengi ni mawe ya kawaida yaliyoshikwa kwa udongo. Na hata zile kuta nzuri zina majeraha. Kwenye Hekalu Kuu kona moja imeshuka, na mawe yaliyokuwa yamebanana yameachana kiasi cha kuingiza mkono. Fundi anayeangalia atauliza: ni tetemeko au ni msingi? Kama sehemu nzima imezama pamoja na mianya inapanuka kuelekea juu, ardhi ya chini imelegea, na ndivyo kona ile inavyoelezwa kwa kawaida. Kama pembe za mawe jirani zimemenyeka zikitazamana, mawe hayo yaliinuka yakagongana, na hiyo ni alama ya tetemeko. Wanajiolojia wa Peru wamekuwa wakizitafuta alama za namna hiyo kwenye kuta za Cusco na Machu Picchu ili kuyatambua matetemeko ya zamani ambayo hakuna aliyeyaandika.

Kona ile inaonyesha pia kwamba kazi kubwa ilikuwa chini ya ardhi. Machu Picchu iko mita 2,430 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye mgongo wa mlima unaopata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mhandisi wa maji Kenneth Wright, aliyeuchunguza mji huo kwa miaka, alikadiria kuwa asilimia 60 hivi ya ujenzi wake haionekani: misingi, na matabaka ya mawe, kokoto na mchanga chini ya matuta, yanayopitisha maji haraka. Mlima uliolowa ukitikiswa huporomoka, na hakuna jiwe la kuchongwa litakalozuia hilo. Tena mji wenyewe umekaa juu ya makutano ya nyufa za miamba. Mwanajiolojia Rualdo Menegat wa Brazili alieleza mwaka 2019 kwamba huenda Wainka walipachagua kwa makusudi, kwa kuwa mwamba uliokwisha kupasuka uliwapa mawe bila kazi kubwa ya kuchimba na ukanyonya maji ya mvua.

Ndiyo maana napinga kwa nguvu zangu zote tabia ya kuziba kwa saruji mianya ya kuta za mawe makavu, mahali popote zilipo, kwa nia njema ya kuzikarabati. Saruji inakamata jiwe lililojengwa ili lisogee. Inafunga njia ya maji, maji yanajaa nyuma ya ukuta, na tetemeko likija linakuta kipande kigumu chenye kiungo cha kukatika, kama ule uashi wa Santo Domingo. Jiwe lililohama lirudishwe kitandani mwake, na kama kitanda kimeharibika kichongwe upya. Ni kazi ya siku nyingi kwa jiwe moja. Vile vipande vyangu viwili bado viko uani. Nikilisukuma la juu kwa mguu linanyanyuka kidogo, linagonga, na kukaa palepale lilipokuwa.