Watu sita na daftari moja: kupeana michongo Tanga na Leeds

Huku Leeds ninakoishi, watu wenye shughuli zao hukutana asubuhi mno. Saa moja kasorobo, wakati wa baridi bado ni usiku kabisa, mhasibu na fundi paa wameshakaa mezani na kahawa, kila mmoja anasubiri zamu yake aseme anatafuta mteja wa namna gani. Utaratibu huu umeenezwa zaidi na BNI, iliyoanzishwa na Ivan Misner kule Kalifonia mwaka 1985: kundi linakutana kila wiki, na kila fani ina mtu mmoja tu. Akishaingia wakili wa ardhi, wakili wa ardhi mwingine atafute kundi jingine.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Nimekaa kwenye makundi makubwa ya namna hiyo na kwenye kikundi kidogo cha watu sita wa kazi za ujenzi, na kidogo ndicho kilichonipa kazi. Hesabu yake ni nyepesi. Watu sita wana jozi 15 za kufahamiana. Watu kumi na wawili wana jozi 66, na hakuna mwenye muda wa kuzitunza zote. Chini ya watano nako kuna tabu: mmoja akisafiri na mwingine akiuguliwa, wanabaki wawili watatu na kikao kinageuka chai. Benjamin Franklin alipounda klabu yake ya marafiki wa kazi Filadelfia mwaka 1727 aliishia kumi na wawili, na wenzake walipotaka kuongeza watu, yeye alipendekeza kila mmoja akaanzishe klabu nyingine ndogo badala ya kuinenepesha ile ya kwanza.

Sasa mdogo wangu, mpima ardhi pale Tanga, amejiunga na wenzake kufanya kitu kama hiki. Wako watano: yeye mpima, wakili ambaye ni dada wa makamo, mhasibu, mkandarasi wa umeme na wakala wa forodha. Nilipokuwa likizo walinikaribisha nikae nao kama mgeni, na tangu hapo wananipigia wakikwama. Ninayoyasema hapa ni maoni yangu, wao wanaweza kuyakataa.

Tofauti ya kwanza ni kwamba huku hatujuani. Mtu anapewa dakika moja ajieleze kwa sababu asipojieleza hakuna anayejua kama yupo. Ukifanya hivyo Tanga utachekwa. Wote watano wanajua nani mtoto wa nani, nani alisoma Usagara, nani alimwoa binti wa Mabanda ya Papa. Koneksheni zimejaa hadi zinamwagika. Hata mahali pa kukutania imekuwa kazi kupapata: walianza kwenye hoteli moja Raskazone, lakini Tanga huwezi kukaa mahali pa wazi robo saa bila mtu kuja kukusalimu, akavuta kiti, akaagiza juisi, akaanza kuulizia jamaa. Wakahamia ofisini kwa mhasibu, Chumbageni, mlango umefungwa, Jumamosi saa mbili asubuhi kila baada ya wiki mbili. Wanaume walitaka iwe usiku baada ya Isha; wakili akawauliza nani atabaki na watoto wake, hapo wakanyamaza.

Penye upungufu ni kwenye mchongo wenyewe. Nyumbani mtu akisema "kuna jamaa anajenga Kange, mtafute", anahesabu amekupa kazi. Hajakupa kitu. Unapiga simu, jamaa hakujui, anadhani wewe dalali, anakata. Kwenye kikundi chetu huku, mchongo haupokelewi mpaka mtoaji ajibu maswali manne: mteja anataka nini hasa, lini, nani anashika pesa, na je, anajua kuwa utampigia. La mwisho ndilo zito kuliko yote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini hata bila sheria, namba ya mtu haigawiwi kama njugu.

Nieleze kisa kimoja. Mzee mmoja aliyefanya kazi Maskati miaka mingi alirudi, akataka kununua kiwanja pembezoni mwa mji ajenge fremu nne za kupangisha. Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa mdogo wangu, akamwonyeshe mipaka. Hilo ni la kawaida: mwenye kiwanja huanza kwa mpima. Zamani mdogo wangu angepima, angelipwa, basi. Safari hii alimwuliza, "Mzee wangu, mkataba wa mauzo nani anauangalia?" Mzee akasema ataandikiana na muuzaji mbele ya mashahidi. Mdogo wangu akamwomba ruhusa: "Nina dada yangu wakili, nikimwambia akupigie Jumatatu baada ya Adhuhuri utapokea?" Akakubali.

Wakili alipopiga alikuwa anasubiriwa. Alichokikuta ni kwamba kiwanja kilikuwa na nyumba ndogo ambayo familia ya muuzaji iliishi, na mke wa muuzaji hajatoa ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume auze nyumba ya familia bila idhini ya mkewe, au mke bila ya mumewe. Mauziano kama hayo huishia mahakamani. Ikabidi mke aitwe, aulizwe, asaini. Mhasibu naye akaingia, kwa ruhusa ya mzee, kuhakikisha muuzaji amemaliza mambo ya kodi na TRA, maana bila hapo uhamisho unakwama. Ujenzi ulipokaribia, mkandarasi wa umeme akatoa makisio kabla ya zege la ukuta, si baada ya plasta wakati mabomba ya nyaya yanachimbiwa kwa nyundo. Mimi nilitumiwa michoro nikapiga hesabu ya vifaa. Nikamwambia mzee pesa aliyotenga inatosha fremu mbili zilizokamilika au nne zisizo na paa. Akajenga mbili. Hakufurahi.

Mteja mmoja, kazi nne, na kila mmoja aliyepata alipewa na mwenzake. Yote yaliandikwa kwenye daftari la shule, safu nne: nani kampa nani, kazi gani, simu ilipigwa lini, imeishia wapi. Kikao kinafunguliwa kwa kusoma safu ya mwisho. Kama simu haikupigwa ndani ya siku mbili, mtoaji anaruhusiwa kumpa mteja mtu mwingine nje ya kikundi. Sharti hilo limewaudhi watu, na ndilo linalofanya daftari liwe na maana.

Likaja suala la cha juu. Tanga, kama popote nchini, anayekuletea mteja anatarajia chochote. Mkandarasi wa umeme alipendekeza wakatane asilimia kumi ya kila kazi. Wakili alikataa papo hapo: maadili ya kazi yake hayamruhusu kugawana ada na asiye wakili, na anaweza kufikishwa mbele ya Kamati ya Mawakili. Hapo suala likaisha kisheria, ila mimi naona lingekufa hata bila wakili. Cha juu kikishaingia, mtoaji hamtazami tena anayefaa, anamtazama anayekata vizuri, na ile kumi anailipa mteja kwa bei iliyopandishwa. Siku mteja akigundua, hamrudii yeyote kati yenu.

Bila cha juu, daftari litaonyesha kutolingana, na hapa wengi huanza kununiana. Mpima hutoa michongo mingi kuliko anayopewa kwa sababu yeye hukutana na mteja mapema; mkandarasi wa umeme hupokea zaidi kwa sababu anakuja mwishoni. Huo si uchoyo wa mtu, ni mpangilio wa kazi. Dawa yake ni kuuliza nani hukutana na mteja kabla ya mpima. Kwao ni wakili, kupitia mirathi: warithi wakitaka kugawana shamba la mkonge la marehemu lazima lipimwe. Walipoligundua hilo, wakili akaanza kuuliza kila familia ya mirathi kama mipaka inajulikana, na mdogo wangu akaacha kulalamika.

Upande wa ushauri ndipo ninapoona nyumbani kugumu kuliko huku. Huku mtu atakwambia bei yako ni ya kijinga, halafu atakuuliza kama unataka maziwa. Tanga kuna muhali. Wakala wa forodha alikuwa anawalipia wateja gharama za bandari kutoka mfukoni mwake, wengine jamaa zake, halafu anazungushwa miezi. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema. Kilichosaidia ni utaratibu: anayekalia kiti siku hiyo, yaani mwenye zamu ya kushauriwa, anasoma swali lake lililoandikwa, na kwa dakika kumi za mwanzo wenzake wanaruhusiwa kuuliza tu, ushauri marufuku. Mhasibu akauliza, "Ada yako na pesa unayomlipia mteja zinapita akaunti moja?" Ndiyo. "Kwa hiyo mwezi uliopita ulipata faida au hasara?" Akakaa kimya muda mrefu. Hakuna aliyemsema vibaya, wala mjomba yeyote hakutajwa. Aliondoka na uamuzi aliousema mwenyewe: akaunti mbili, na malipo ya bandari yawekwe na mteja kabla hajagusa mzigo. Kikao kilichofuata aliulizwa amewaambia wangapi. Mjomba wake bado hajaambiwa.

Viti ni viwili kwa kila kikao, nusu saa kila kimoja, ndani ya dakika tisini. Wakiwa sita, zamu yako inarudi baada ya wiki sita, muda wa kutosha kutekeleza jambo na mfupi usisahau ulichoahidi.

Sasa wanabishana kuhusu kiti cha sita. Mkandarasi wa umeme anamtaka rafiki yake mjenzi mkuu. Mimi nimewaandikia nikipinga: mjenzi mkuu ndiye anayewapa kazi mafundi umeme wote, kwa hiyo mmoja wao ataanza kumwogopa na maswali yatakwisha. Ningemchukua mkadiriaji majenzi wa hapo hapo Tanga, kwa sababu mimi wa Leeds siwezi kwenda kuangalia kokoto zikishushwa. Mdogo wangu anasema ninajifukuza mwenyewe. Wanapiga kura Jumamosi ijayo, na wamekubaliana kwamba kura moja ya hapana inatosha kumzuia mtu.